Uniti zinazobaki mchana: kuzisawazisha, kuziuza kwa bei, au kuzizuia zisitoke?

Mfumo wa jua uliounganishwa na gridi huzalisha sana wakati nyumba ina watu wachache. Saa sita mchana paneli ziko kileleni, na ndani kuna friji, ruta na pengine feni moja. Umeme huo haungoji kwenye waya. Usipotumika papo hapo unapita kwenye mita, unatoka nje na kutumiwa na jirani. Jua likizama, taa, jiko na televisheni vinawashwa kwa pamoja, na sasa umeme unaingia kutoka gridi. Uniti iliyotoka mchana ina thamani gani mbele ya uniti iliyoingia usiku? Hapo ndipo mipango ya kutoa umeme inapotofautiana, na ndipo pesa ya mwenye paneli inapopatikana au kupotea.

Jibu liko kwenye mkataba, si kwenye paneli. Nyumba mbili zenye mfumo wa ukubwa uleule na matumizi yaleyale zinaweza kuwa na bili ambazo hazifanani hata kidogo. Na jina la mpango lisikudanganye. Kuna mikataba inayoitwa ya kusawazisha, ukiisoma hadi mwisho unakuta ni ya kuuza kwa bei ya chini. Mimi husoma mkataba wowote nikitafuta mambo mawili kwanza. La kwanza ni dirisha la hesabu: kinachotoka na kinachoingia vinatoleana ndani ya muda gani, papo hapo, kila saa, kila mwezi, au mwaka mzima? La pili ni kile kinachobaki baada ya kutoleana: kinaandikwa kwa uniti au kwa pesa, na kwa bei ipi? Ukishajua hayo mawili, sehemu kubwa ya maandishi yaliyobaki ni masharti ya pembeni.

Mipango minne

Wa kwanza ni kusawazisha uniti kwa uniti. Mita ya pande mbili huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, na mwisho wa mwezi kampuni hutoa kimoja katika kingine. Ukiwa umetoa 200 na kuingiza 180, hulipii uniti yoyote na 20 zinabaki kwenye akaunti yako. Gridi hapa ni kama ghala la kijiji: unapeleka gunia mchana, usiku unachukua gunia lilelile bila kukatwa kitu. Huu ndio mpango ulioanza mapema, enzi za mita ya kisahani. Kisahani kilizunguka mbele umeme ulipoingia na kurudi nyuma ulipotoka, kwa hiyo hesabu ilijifanya yenyewe.

Wa pili ni kuuza kwa bei tofauti. Mita ni ileile, ila kila upande una bei yake. Unachoingiza unalipia bei kamili ya mteja, unachotoa unalipwa bei ndogo zaidi, na pesa hiyo inapunguzwa kwenye bili. Kampuni hujenga hoja yake hivi: bei anayolipa mteja imebeba gharama za nguzo, transfoma, upotevu wa njiani na ofisi, ilhali umeme wa paneli unaiokolea kampuni gharama ya kuzalisha peke yake. Kalifonia ilihamia huko Aprili 2023 kwa wateja wapya wa kampuni zake kubwa, baada ya miaka mingi ya kusawazisha. Uholanzi nayo imepitisha sheria ya kukomesha kusawazisha ifikapo tarehe 1 Januari 2027. Mwelekeo wa dunia ni huo, na anayefunga mfumo leo kwa hesabu za kusawazisha auzingatie.

Wa tatu ni kuuza yote na kununua yote. Paneli zina mita yake, na kila uniti inayozalishwa inauzwa kwa bei iliyopangwa, hata kama friji yako inanguruma wakati huohuo. Nyumba inaendelea kununua matumizi yake yote kama kwamba paneli hazipo. Ujerumani ilieneza umeme wa jua kwa njia inayokaribiana na hii chini ya sheria yake ya mwaka 2000, iliyompa mwenye paneli bei isiyobadilika kwa miaka 20. Mpango huu unalipa pale tu bei ya kuuza inapokaribia au kuzidi bei ya kununua.

Wa nne ni kutotoa kabisa. Inveta hufungwa pamoja na kihisi kinachopima mkondo kwenye waya mkuu unaoingia, nayo hujipunguza kila inapoona umeme unakaribia kutoka. Kinachozidi hakizalishwi. Wengi huuona mpango huu kuwa wa walioshindwa kupata kibali. Mimi nauona kuwa mpango halali wenye hesabu zake, hasa pale ambapo kibali huchukua muda mrefu au bei ya kutoa ni ndogo mno.

Nyumba moja, hesabu nne

Tuchukue nyumba inayotumia uniti 300 kwa mwezi. Imefungwa paneli za kilowati 3 zinazozalisha uniti 360 kwa mwezi. Kwa sababu watu hawashindi nyumbani, ni uniti 120 tu zinazotumika papo hapo jua likiwaka. Zinazotoka ni 240, na usiku na asubuhi nyumba inaingiza 180. Ili tusiingie kwenye sarafu, nitahesabu bili kwa uniti za kununua: bili ya 84 maana yake ni pesa ambayo ingekununulia uniti 84 kwa bei ya kawaida. Na tuseme anayeuza analipwa sehemu 0.4 ya bei ya kununua.

| Mpango | Hesabu | Bili kwa mwezi |
|---|---|---|
| Bila paneli | 300 | 300 |
| Kusawazisha | 180 − 240 | 0, na 60 zinabaki |
| Kuuza kwa bei ya 0.4 | 180 − (240 × 0.4) | 84 |
| Kuuza yote, kununua yote | 300 − (360 × 0.4) | 156 |
| Kutotoa kabisa | 180 | 180 |

Paneli hazikubadilika, wala jua halikubadilika. Bili imetoka sifuri hadi 180 kwa sababu ya mkataba. Ila jedwali hili ni picha ya mwezi mmoja tu, na atakayechagua kwa kulitazama peke yake atakosea. Linalofaa kuulizwa ni kila mpango unavyoitikia pale unapobadilisha kitu nyumbani.

Tuseme nyumba hii inahamishia mchana kazi ambazo zingeweza kusubiri. Hita ya maji inawekewa saa ya kuiwasha saa nne asubuhi badala ya saa kumi na moja alfajiri, pampu ya kisima inajaza tangi saa saba, na mashine ya kufulia inapangiwa adhuhuri. Uniti 60 zilizokuwa za usiku sasa zinatumika moja kwa moja kutoka paneli. Zinazotoka zinashuka hadi 180, zinazoingia hadi 120.

Chini ya kusawazisha hakuna kilichobadilika: 120 kutoa 180 bado ni akiba ya 60. Chini ya kuuza kwa bei, bili inakuwa 120 kutoa 72, yaani 48. Umeokoa 36 bila kununua kifaa kingine zaidi ya saa ya kuwashia hita. Kwenye kutotoa kabisa bili inashuka kutoka 180 hadi 120, na faida yote ya uniti 60 ni yako. Kwenye kuuza yote hakuna mabadiliko, kwa sababu mkataba huo haujali unatumia umeme saa ngapi.

Sheria iliyo nyuma ya hesabu hizo ni nyepesi: kila uniti unayohamishia mchana ina thamani ya bei ya kununua ukitoa bei ya kutoa. Bei hizo zikilingana, kuhama hakuna maana. Zikiachana sana, saa ya kuwashia hita inaleta faida kubwa kuliko paneli mbili za ziada.

Betri hufuata sheria hiyohiyo, isipokuwa ina upotevu. Uniti 10 zikiingia kwenye betri, karibu 9 ndizo zinazorudi. Chini ya kuuza kwa bei ya 0.4, uniti moja uliyoihifadhi badala ya kuitoa inakupa 0.9 na kukunyima 0.4, hivyo faida yake ni 0.5. Betri inayopokea uniti 4 kila siku inahifadhi 120 kwa mwezi na kupunguza bili ya nyumba yetu ya kwanza kutoka 84 hadi 24. Kwenye kutotoa kabisa kila uniti iliyohifadhiwa inaleta 0.9 nzima, kwa kuwa vinginevyo isingezalishwa. Lakini kwenye kusawazisha betri inakula: unaweka 1 unarudishiwa 0.9, ilhali gridi ingekurudishia 1. Nimekuta nyumba zenye mkataba wa kusawazisha ambazo ziliuziwa betri kwa maelezo kwamba "itapunguza bili". Ingeweza kuwafaa wakati umeme wa gridi unapokatika, na hiyo ni sababu nzuri ya kuinunua. Bili haiguswi.

Ukubwa wa mfumo ndio uamuzi unaoumiza zaidi ukikosewa, kwa kuwa hauna marekebisho ya bei rahisi. Tuizidishe nyumba yetu: paneli za kilowati 6, uzalishaji 720. Matumizi ya papo hapo hayatakuwa mara mbili, kwa sababu mchana nyumba bado ni tupu. Labda yatapanda kutoka 120 hadi 150. Zinazotoka sasa ni 570, zinazoingia 150. Kwenye kutotoa kabisa umelipia paneli mara mbili ili bili ishuke kutoka 180 hadi 150. Kwenye kuuza kwa bei ya 0.4, malipo ya kutoa ni 228 dhidi ya bili ya 150, na hapo ndipo unapolazimika kusoma kama kampuni inalipa ziada ya 78 kwa pesa taslimu, inaibeba mwezi ujao, au inaifuta. Kwenye kusawazisha una ziada ya uniti 420 kila mwezi ambazo hutazitumia kamwe.

Akiba inayokufa

Ziada ya 420 inanipeleka kwenye sharti ambalo watu huliruka. Mikataba ya kusawazisha karibu yote ina siku ya kufunga hesabu, mara nyingi mara moja kwa mwaka. Siku hiyo uniti zilizobaki ama zinafutwa, ama zinalipwa kwa bei ndogo. Kampuni haikukusudia kukugeuza kituo cha kuzalisha umeme. Imekubali kufidia matumizi yako.

Kwa sehemu zenye majira yanayotofautiana sana, tarehe ya kufunga ni muhimu kuliko mtu anavyodhani. Mfumo unajaza akiba miezi ya jua kali na kuila miezi ya mawingu. Hesabu ikifungwa mwisho wa miezi ya jua, akiba inafutwa ikiwa imejaa, na unaingia miezi ya mawingu mikono mitupu. Ikifungwa mwisho wa miezi ya mawingu, akiba imeshatumika na hupotezi kitu. Baadhi ya kampuni humruhusu mteja achague mwezi wa kufunga, mara moja tu. Ulizia hilo kabla ya kutia sahihi, na uchague mwezi ambao akiba yako itakuwa chini kabisa.

Dirisha likiwa dogo, hali inakaza zaidi. Mkataba unaosawazisha kila saa unakuruhusu kufidia pasi ya saa saba na nusu kwa umeme wa saa saba kamili, lakini taa za usiku haziguswi. Mkataba wa papo hapo haukuruhusu hata hilo. Chukua saa moja ambayo kwa dakika 40 za kwanza umetoa uniti 1, kisha oveni ikawashwa na dakika 20 zilizobaki ukaingiza 0.6. Kwa dirisha la saa, unahesabiwa kuwa umetoa 0.4 na hujanunua chochote. Kwa papo hapo, umenunua 0.6 kwa bei kamili na kuuza 1 kwa 0.4, hivyo unadaiwa 0.2. Saa ileile, umeme uleule. Kwa hiyo mikataba miwili inayosema "unalipwa 0.4" inaweza kuachana sana, na tofauti imefichwa kwenye neno moja la jinsi mita inavyosomwa.

Kumbuka pia kwamba hata kwenye kusawazisha kukamilifu bili haifiki sifuri kabisa. Ada ya huduma ya kila mwezi ipo, na sehemu nyingine kodi au tozo hukatwa kwenye uniti zote zilizoingia kabla ya kutoleana. Kwa nyumba yetu hiyo ni tozo ya uniti 180, si ya sifuri. Ukipewa makadirio yanayoonyesha sifuri tupu, muulize aliyeyaandika tozo zimekwenda wapi.

Mita inaposema uongo

Mpango wowote wa kutoa unategemea mita inayojua umeme unaelekea wapi. Mita nyingi za kisasa za upande mmoja, zikiwamo za kulipia kabla, zilitengenezwa kuzuia wizi, na kinga mojawapo ni kuhesabu mkondo bila kujali mwelekeo. Mtu akiigeuza nyaya ili irudi nyuma, inaendelea kuhesabu mbele. Hiyo ni nzuri dhidi ya mwizi, na ni balaa kwa mwenye paneli: kila uniti anayotoa mchana inaandikwa kama ameinunua. Nyumba yetu ingedaiwa 180 za kuingiza pamoja na 240 za kutoa, jumla 420, zaidi ya bili iliyokuwapo kabla ya paneli. Mita nyingine za kulipia kabla hukata umeme kabisa zikiona mkondo unarudi, zikidhani zimechezewa.

Kulitambua hakuhitaji fundi. Siku ya jua kali, adhuhuri, zima vifaa vyote vikubwa na uache inveta ikizalisha. Andika namba ya mita, ngoja dakika 15, itazame tena. Kwenye mita ya pande mbili kuna rejista mbili unazoziona zikipishana kwenye kioo: `1.8.0` ni jumla ya umeme ulioingia, `2.8.0` ni jumla ya uliotoka. Katika jaribio hilo `1.8.0` itulie na `2.8.0` ipande. Ikiwa kuna rejista moja tu nayo inapanda, mita haifai, na inveta izimwe au izuiwe kutoa hadi ibadilishwe. Ukipata `2.8.0` inapanda usiku na `1.8.0` mchana, nyaya zimefungwa kinyume.

Kwenye nyumba za fezi tatu kuna mtego mwingine. Inveta ndogo kwa kawaida hutoa kwenye fezi moja, huku vifaa vimegawanywa kwenye zote tatu. Mita ya aina moja hujumlisha fezi zote kila wakati: ukitoa kilowati 2 kwenye fezi ya kwanza na kutumia kilowati 1 kwenye kila moja ya nyingine, inaona sifuri. Mita ya aina nyingine huhesabu kila fezi peke yake, kwa hiyo inaandika kilowati 2 zimetoka na kilowati 2 zimeingia kwa wakati mmoja. Kwa anayesawazisha kila mwezi haina neno. Kwa anayeuza kwa bei ndogo ni hasara ya kila siku, na dawa yake ni inveta ya fezi tatu au kuhamishia vifaa vya mchana kwenye fezi yenye paneli.

Wasiotoa wana ugonjwa wao, nao ni kihisi. Kibano hicho cha mkondo kina mshale unaoonyesha upande wa gridi au wa nyumba, kulingana na mtengenezaji, na lazima kifungwe kwenye waya mkuu kabla haujagawanyika kwenda popote. Kikifungwa baada ya tawi la jiko, inveta haioni jiko. Kikigeuzwa, inveta inasoma mambo kinyume: inadhani nyumba inatoa wakati inaingiza, na inajikaba hadi karibu sifuri, au inafanya kinyume chake na kusukuma kila kitu nje. Washa pasi adhuhuri. Nguvu ya inveta ipande sawasawa na pasi ndani ya sekunde chache. Isipopanda, anza kwenye mshale kabla ya kumlaumu aliyekuuzia paneli. Na hata kihisi kilichofungwa vizuri huchelewa kidogo, hivyo pasi ikizimwa kiasi kidogo cha umeme hutoroka kabla inveta haijapunguza. Ndiyo maana mita ya upande mmoja inayohesabu pande zote huandika vijidogo hivyo pia. Mafundi wazoefu huiwekea inveta iache wati 50 au 100 ziingie daima kutoka gridi, ili kusiwe na kinachotoroka.

Uniti ambazo hazikutoka

Ulinganisho wa karatasini unadhani kila kinachozidi kinafika kwenye gridi. Si mara zote. Ili umeme utoke, inveta inapandisha volti kidogo juu ya volti ya waya. Kwenye waya mwembamba, mwisho wa laini ndefu, pakiwa na nyumba kadhaa zenye paneli, volti hupanda mpaka inveta inagonga kikomo chake na kujizima. Kwenye gridi ya volti 230 kikomo huwa karibu na 253. Inangoja dakika chache, inajaribu tena, inagonga tena. Dalili yake ni grafu ya uzalishaji yenye meno ya msumeno saa sita mchana siku zisizo na wingu hata moja, huku asubuhi na alasiri mstari ukiwa laini.

Tuseme nyumba yetu inapoteza hivyo uniti 40 kati ya 240. Kwenye kusawazisha ni uniti 40 nzima, ila ilikuwa na ziada ya 60, kwa hiyo bili haishtuki hadi mwaka ufungwe. Kwenye kuuza ni 16. Kwenye kuuza yote pia ni 16. Asiyetoa kwa kawaida hapotezi chochote, kwani inveta yake haisukumi. Fundi anaweza kunenepesha waya kati ya inveta na mita, na kampuni inaweza kushusha hatua ya transfoma. Kabla ya hayo yote, kutumia zaidi mchana kunashusha volti bila gharama.

Umeme wa gridi unapokatika, inveta ya kawaida huzima pia hata jua likiwaka. Ni sharti la usalama, mafundi wa laini wasipigwe na umeme unaotoka kwenye nyumba za watu. Laini yako ikikatika mara kwa mara mchana, makadirio ya kutoa yapunguzwe kwa saa hizo, na kwenye kuuza yote hasara ni kamili, kwani mapato yako yote yanapita hapo. Inveta yenye betri na njia yake ya dharura huendelea kulisha nyumba, lakini nayo haitoi nje.

Ningechagua nini

Ukipewa kusawazisha kwa mwezi kwenye uniti sawa kwa sawa, chukua, na usichelewe. Pima mfumo uendane na matumizi ya mwaka mzima bila kuyazidi, acha betri isipokuwa unataka umeme wakati wa kukatika, na uliza jambo moja kwa maandishi: kanuni zikibadilika, aliyeingia mapema anabaki na masharti yake kwa miaka mingapi? Kalifonia iliwaachia waliotangulia miaka 20 tangu walipounganishwa. Uholanzi inawahamisha wote siku moja. Ahadi ya kwanza inakuruhusu kufanya hesabu ya muda mrefu. Ya pili inakulazimu kuikata hesabu kwenye tarehe inayojulikana na kuifanya upya kuanzia hapo kwa bei ndogo.

Ukipewa kuuza kwa bei, nambari ya kutazama ni uwiano wa bei ya kutoa kwa bei ya kununua. Ukiwa 0.7 au zaidi, fanya kama anayesawazisha, ila hamishia kazi za mchana unazoweza bila kusumbuka. Ukiwa kati ya 0.3 na 0.6, punguza mfumo, pangia vifaa saa, na betri ifikiriwe baada ya hapo, ikiwa bei yake inarudi kabla haijachoka. Kwa nyumba yetu betri iliokoa 60 kwa mwezi, lakini ukiisha kuhamisha uniti 60 kwenda mchana, umeme wa usiku uliobaki kwa betri kuufidia ni 120 tu, na betri kubwa zaidi ya hiyo haina cha kufidia. Ukifika hapo vitu hivyo viwili vinagombea uniti zilezile, ilhali wauzaji huvihesabu kama vinajumlishana daima.

Uwiano ukishuka chini ya 0.3, tazama gharama za kuingia kwenye mpango: ada ya maombi, mita mpya, ukaguzi, pengine utafiti wa laini. Nyumba yetu kwa uwiano wa 0.2 ingepata 48 kwa mwezi kwa kutoa 240. Ada hizo zikifika thamani ya uniti 1,500, itachukua zaidi ya miaka miwili na nusu kuzirudisha. Mfumo mdogo usiotoa, wa kilowati 1 au 1.5 unaoliwa karibu wote na friji, pampu na hita ya mchana, unaweza kuwa na faida kubwa kwa kila paneli. Isipokuwa kwa sharti moja: kutotoa hakukuondolei wajibu wa kuijulisha kampuni. Inveta iliyounganishwa na gridi ni chanzo cha umeme, na sehemu nyingi husajiliwa hata kama haitoi wati moja.

Kuuza yote nakuweka mwisho kwa nyumba, na mwanzo kwa paa lisilo na mtumiaji chini yake: ghala lisilo na mashine, banda la mifugo, jengo la kupangisha ambalo kila mpangaji ana mita yake. Hapo hakuna matumizi ya mchana ya kulinda, na mkataba wa bei isiyobadilika una mapato yanayoweza kukadiriwa. Angalia tu kama bei imefungwa kweli au inafuata soko, maana soko la umeme adhuhuri huanguka siku za jua kali, wakati kila mwenye paneli anatoa. Ujerumani tangu mwishoni mwa Februari 2025 haiwalipi wenye mifumo mipya kwa saa ambazo bei ya soko imeshuka chini ya sifuri.

Bili ya kwanza ikifika baada ya kuunganishwa, weka pembeni yake picha za `1.8.0` na `2.8.0` ulizopiga siku ya kwanza na siku ya mwisho ya mwezi. Uzalishaji unaoonekana kwenye inveta, ukitoa tofauti ya `2.8.0`, ndio matumizi yako ya moja kwa moja. Ukiongeza tofauti ya `1.8.0`, unapata matumizi yote ya nyumba. Jumla hiyo ikikaribia matumizi uliyokuwa nayo kabla ya paneli, mita na inveta vinakubaliana. Ikiwa imepanda kwa kiasi kikubwa na hujaongeza kifaa, peleka picha hizo kwa kampuni kabla mwezi wa pili haujafungwa.